Filamu ya udongo nyumbani: mwanga unaopepesa, kikaragosi kinacholegea na mwendo unaokwama

Vijana wanaotengeneza filamu fupi za vikaragosi vya udongo hapa Mtwara huniletea simu zao na malalamiko yale yale. Picha inapepesa kama redio ya zamani inavyokoroma, kikaragosi kinazama taratibu, mkono unakatika katikati ya tukio, au mwendo wote unarukaruka. Karibu kila mmoja anakuja ameshaamua mchawi ni nani: "Kaka, kamera ya simu hii mbovu." Mara nyingi simu haina kosa.

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio moja. Weka kikaragosi mahali pake, washa taa zako zote, kisha piga picha 24 bila kukigusa. Kati ya picha na picha subiri muda ule ule ambao kwa kawaida ungetumia kukisogeza, na ukae mbali na meza. Zichezeshe kwa fremu 12 kwa sekunde, upate sekunde mbili za mtu aliyesimama tuli. Mwanga ukipepesa hapo, tatizo ni taa au kamera. Usipopepesa, tatizo ni wewe: mwili wako, nguo zako, kivuli chako. Kikaragosi kikiinama chenyewe, tatizo liko kwenye mifupa ya waya au kwenye joto. Fremu nzima ikiyumba, ni stendi.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: tukio la sekunde 8 la mzee wa sentimita 18 anayeinama chini ya mkorosho, anaokota bibo, anainuka na kuling'oa korosho yake. Kwa picha 12 kwa sekunde hiyo ni picha 96, kazi ya jioni moja ndefu kama hakuna kinachoharibika.

Dalili: mwanga unapepesa

Chanzo cha kwanza, na ndicho kinachoongoza kwa mbali, ni kamera kujiamulia. Simu ikiwa kwenye otomatiki hupima mwanga upya kila unapopiga. Mzee akiinua mkono wenye bibo jekundu, simu inaona rangi imebadilika, nayo inageuza mwangaza na rangi ya picha nzima. Wewe ulisogeza mkono milimita nne, lakini ukuta wa nyuma umetoka manjano ukawa buluu. Dalili ya kumtambua mkosaji huyu ni kwamba rangi na mwangaza hubadilika pamoja na tendo: unapepesa zaidi pale kitu kikubwa kinaposogea.

Dawa ni kufunga kila kitu kwa mkono. Kama kamera ya simu yako ina hali ya Pro, weka ISO 100, weka WB, yaani mizani ya rangi, kwenye namba moja usiiguse tena (4000K inatosha kuanzia kwa taa nyingi za nyumbani), na focus iwe ya mkono. Kama haina, programu ya bure ya Open Camera ina kitufe cha kufunga mwangaza, na kwenye Stop Motion Studio ingia kwenye mpangilio wa kamera uitoe kwenye otomatiki. Funga baada ya taa kuwaka kwa nusu saa hivi, kwa sababu balbu nyingi hubadilika kidogo zinapopata joto.

Chanzo cha pili ni jua. Dirisha lililofunikwa kwa pazia jepesi bado linapitisha mwanga, na wingu moja likipita juu ya Bandari picha kumi zinakuwa na giza. Ukiona mwangaza unapanda na kushuka polepole, au kivuli cha kikaragosi kinatambaa kutoka mwanzo hadi mwisho wa tukio, usitafute zaidi. Ziba dirisha kwa nailoni nyeusi ya ujenzi, ibandike kwa utepe wa karatasi pembeni zote, na angalia pia nafasi iliyo kati ya ukuta na bati. Au piga usiku tu, jambo ninalolipendelea mimi, maana usiku unatatua pia suala la joto ambalo tutalifikia.

Cha tatu ni mwili wako. Shati jeupe karibu na meza ni kioo. Ukisimama kulia picha hii na kushoto ile, upande wa uso wa mzee unang'aa na kufifia. Vaa nguo nyeusi au ya rangi iliyoiva, na tafuta sehemu moja ya kurudi kila unapobonyeza. Bandika utepe sakafuni kama huamini miguu yako.

Cha nne ndicho wengi hawakijui. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu ya LED ya bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 katika sekunde hiyo moja. Jicho halioni. Kamera inaona, kutegemea shata imefunguka muda gani. Kwa 1/125 inapata chini ya wimbi moja zima, hivyo picha moja inaangukia kwenye kilele na nyingine kwenye bonde. Kwa 1/50 inapata mawimbi mawili kamili. Kwa 1/4 inapata 25, na hapo hata wimbi moja likienda kombo halionekani. Kwa kuwa kikaragosi hakitembei wakati shata iko wazi, hakuna sababu ya kuharakisha. Weka S, yaani muda wa shata, kwenye 1/4, ISO ibaki 100, na kama picha bado ina mwanga mwingi, sogeza taa mbali badala ya kuongeza kasi ya shata. Kasi hiyo inadai stendi isiyotikisika, na kitufe cha kupigia kisiwe kwenye simu yenyewe: kitufe cha sauti cha waya wa ispika za masikioni hufanya kazi kwenye simu nyingi.

Ukishafunga kamera, ukaziba dirisha, ukapunguza shata, na mwanga bado unashtuka hapa na pale bila mpangilio, basi shuku umeme wenyewe. Friji ikianza kunguruma, au jirani akiwasha pampu, volti hushuka kidogo na balbu zisizo na kidhibiti kizuri hufifia. Jaribu taa ya USB inayotumia pawabenki: ukipiga zile picha 24 na mwanga ukatulia, umepata jibu. Baadhi ya pawabenki hujizima mzigo ukiwa mdogo, kwa hiyo chomeka taa mbili. Wenye sola nyumbani wana bahati, kwa sababu balbu za volti 12 zilizounganishwa moja kwa moja kwenye betri hutulia sana, mradi iwe usiku. Mchana paneli inachaji, na volti ya betri hupanda na kushuka na mawingu. Kama balbu yako imeunganishwa kwenye swichi ya kupunguza mwanga, ile ya kuzungusha, itoe hapo kabisa.

Acha na umwite fundi umeme ukisikia harufu ya plastiki kuungua, soketi ikiwa ya moto mkononi, taa ikipepesa hata kwa macho ya kawaida katika vyumba vyote, au ekstensheni ikitoa cheche. Usifungue balbu wala kukaza waya za ukutani kwa ajili ya filamu.

Je, programu haiwezi kufuta mpepeso baada ya kupiga? Inaweza kupunguza. Kwenye kompyuta yenye programu ya ffmpeg, amri hii inaunganisha picha zilizoitwa picha_0001.jpg na kuendelea kwa 12 kwa sekunde, inalainisha mwangaza kwa kulinganisha picha tano tano, na kutoa filamu ya 24:

```
ffmpeg -framerate 12 -i picha_%04d.jpg -vf "deflicker=size=5,scale=1920:-2" -r 24 -pix_fmt yuv420p filamu.mp4
```

Inasaidia pale fremu nzima inapopanda na kushuka kwa pamoja. Haisaidii kivuli kinachotambaa, rangi iliyogeuka, wala shavu moja lililong'azwa na shati lako. Hizo zinapigwa upya.

Dalili: kikaragosi kinazama au kinainama chenyewe

Anza na joto. Plastisini ni udongo uliochanganywa na mafuta na nta, na alasiri ya Mtwara inapopita nyuzi 30, ukiongeza taa iliyo sentimita 30 kutoka kichwani, inakuwa laini kama siagi. Gusa shingo ya mzee: kidole kikizama bila kusukuma, tatizo si mifupa. Sogeza taa nyuma, tumia LED badala ya zile taa za kazi zinazochoma, piga usiku. Vipuri vya kikaragosi vikae kwenye kijaluba cha barafu, lakini vifungwe kwenye mfuko wa nailoni, la sivyo vitatoka na matone ya maji na kung'aa kwenye picha. Plastisini iliyo laini kupita kiasi inaweza kukazwa kwa nta ya nyuki, kama sehemu moja kwa kumi, ukiyeyusha kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Jaribu donge dogo kwanza. Usiweke plastisini au nta moja kwa moja juu ya moto, inashika.

Udongo wa mfinyanzi hautakuokoa hapa. Ukikauka unasinyaa, waya hausinyai, na kesho yake goti la mzee lina ufa.

Cha pili ni uzito wa kichwa. Watoto hupenda vikaragosi vyenye vichwa vikubwa, na mimi pia, lakini mpira wa udongo wa sentimita 5 ni mzito kuliko mkono utakavyokudanganya. Weka ndani yake tufe la sentimita 4 la lile povu jeupe gumu linalokuja kwenye boksi la televisheni, au karatasi ya foili iliyofinyangwa, kisha ufunike kwa udongo. Kiasi cha udongo kinapungua karibu nusu, na kwa nje hakuna atakayejua. Fanya hivyo hivyo kwa tumbo.

Cha tatu ni miguu. Mzee wetu akiinama kufikia bibo, kichwa na kifua vyote vinapita mbele ya vidole vya miguu. Hakuna waya utakaomzuia asianguke kama nyayo hazijashikwa. Njia ya uhakika ni nati ndogo ya M4 ndani ya kila wayo, imeshikwa na epoksi ya donge kwenye ncha ya waya wa mguu. Jukwaa liwe plaiwudi ya milimita 12 iliyotobolewa pale atakapokanyaga, na bolti ya milimita 20 yenye washa inapanda kutoka chini hadi kwenye nati. Epoksi isijaze uzi wa nati: ingiza bolti iliyopakwa vaselini wakati epoksi inakauka, kisha ifungue. Kwa kuwa bolti inapanda kutoka chini, acha nafasi chini ya jukwaa, likae juu ya matofali mawili au vibao ili mkono upite. Asiye na drili anaweza kutumia pini ndefu zilizopita kwenye wayo hadi kwenye ubao laini wa dari. Inatosha kwa kusimama na kwa hatua chache, lakini si kwa kuinama huku.

Epoksi ishikwe kwa glavu, dirisha likiwa wazi. Kama ngozi imeanza kuwasha na kutoka vipele, iache, na muone mtoa huduma wa afya usipopata nafuu.

Mwisho ndipo uulize kama waya ni mwembamba. Dalili yake ni hii: unakunja mkono, unauachia, nao unarudi kidogo au unashuka kidogo hata saa ya baridi. Ukirudi ulikotoka, waya una tabia ya springi, kama ule wa mabati wa fensi, na haufai hata uwe mnene. Ukishuka, waya ni laini lakini hautoshi. Kwa sentimita 18, nyuzi mbili za alumini za milimita 1.5 zilizosokotwa zinabeba mkono, na mbili za milimita 2 zinabeba mguu na uti wa mgongo. Kusokota: kunja waya katikati, ncha mbili zibanwe kwenye plaizi au jiriwa, ule mkunjo utie kwenye ndoana iliyo mdomoni mwa drili, uzungushe taratibu. Vaa miwani, kwa sababu waya unaochomoka kwenye drili unaruka usoni.

Dalili: kiungo kinakatika, au udongo unazunguka juu ya waya

Waya wa shaba wa nyumba ndio unaopatikana kila duka, na ndio unaovunjika kwanza. Kila unapoukunja unakuwa mgumu, na baada ya mikunjo mingi sehemu ile ile unakatika. Halafu kuna mtego wa dukani: 1.5 na 2.5 zilizoandikwa kwenye waya wa umeme ni eneo la mkato, si unene. Ule wa 2.5 una kipenyo cha kama milimita 1.8 tu. Pima.

Alumini ni bora, ila vipande vya alumini vinavyobaki kwa mafundi umeme huwa vimekazwa kiwandani. Vinaweza kulainishwa. Menya plastiki yote kwa kisu (usiichome, moshi wake ni sumu), paka waya sabuni ya mche, na uupitishe juu ya jiko la mkaa nje ya nyumba mpaka alama ya sabuni igeuke nyeusi. Ondoa hapo hapo na uache upoe. Ukichelewa, alumini huyeyuka bila kubadilika rangi kukuonya. Na vipande hivyo ni vya kununua au kuomba kwa fundi, wala si vya kukata kwenye nguzo au kwenye waya unaoingia nyumbani, hata kama unaonekana umekufa.

Tazama pia mahali ulipokatikia. Ukikatikia pale pale waya unapotoka kwenye epoksi inayoshika waya za kifuani, kosa si la waya. Ukingo wa epoksi ni mkali, na mkunjo wote unaangukia kwenye nukta moja. Laza ukingo huo kwa msasa, zungushia uzi wa kushonea sentimita moja ya kwanza ya waya, mkunjo utagawanyika. Uzi huo huo ndio dawa ya udongo unaozunguka juu ya mfupa: zungushia mkono mzima, pitisha gundi nyeupe, uache ukauke kabla ya kuvisha udongo. Na utengeneze mikono miwili ya ziada kabla ya kuanza tukio, kwa waya ule ule na kipimo kile kile.

Dalili: picha nzima inayumba

Stendi au mkono wako. Ning'iniza mfuko wa mchanga chini ya stendi, gundisha miguu yake sakafuni, zima feni, usiguse simu. Kama simu inapata joto au betri imeanza kuvimba na kuinua kioo, izime, usiichaji tena, ipeleke kwa fundi simu. Usiitoboe wala kuibana irudi.

Dalili: mwendo unarukaruka au unakwama

Hapa wengi hukimbilia kuongeza idadi ya picha. Picha 24 kwa sekunde zingegeuza tukio letu la 96 kuwa 192, na mwendo mbaya ungebaki mbaya, ila ungekuchosha maradufu. Angalia kwanza mambo mawili.

La kwanza ni hesabu ya programu ya kuhariri. Programu nyingi za simu huanza mradi kwa fremu 30 kwa sekunde. Ukiingiza picha zako za 12 humo, kila picha inadai kukaa fremu 2.5, na nusu fremu haipo. Programu inaziweka mbili, tatu, mbili, tatu. Matokeo ni mwendo unaochechemea kwa mdundo ule ule hata ulipopanga vizuri. Jaribio: chezesha picha zile zile ndani ya programu uliyopigia. Zikitiririka vizuri huko na kuchechemea kwenye filamu iliyotolewa, basi ni hesabu. Weka mradi kwenye 24, kila picha ikae fremu mbili kamili. Kama programu haikubali ila 30, amua tangu mwanzo kupiga picha 15 kwa sekunde, au 10 ukivumilia mwendo mkavu kidogo. Tukio letu lingekuwa picha 120 au 80. Ukishapiga 12 huwezi kuzigeuza 15 bila mzee kuanza kukimbia: picha 96 zitaisha kwa sekunde 6.4.

La pili ni nafasi kati ya picha na picha. Mkono wa mzee unashuka sentimita 12 hadi kwenye bibo kwa sekunde moja, yaani miondoko 12. Anayeanza husogeza sentimita moja kila picha, na mkono unashuka kama lifti, kisha unagonga breki. Mkono wa mtu huanza polepole, hushika kasi, hupoa unapofika. Jaribu milimita hizi kwa mpangilio: 2, 4, 8, 12, 16, 18, 18, 16, 12, 8, 4, 2. Jumla yake ni 120 zile zile. Bandika rula wima nje ya fremu, au weka alama kwa kalamu ya kioo kwenye kioo kidogo mbele ya skrini, usitegemee kumbukumbu.

Akishalishika bibo, mwache picha nne au tano bila kumsogeza, theluthi ya sekunde hivi. Kisha anyooshe magoti kabla mgongo haujainuka, kwa sababu mzee halisi wa Newala hainuki na kiuno kwanza. Wakati wa kuling'oa korosho, ile mbegu ya kijivu inayoning'inia chini ya bibo, fanya kinyume: miondoko miwili mikubwa tu, ya milimita 10 na 15, bila kupoza. Kitu kinachong'oka hakipunguzi mwendo kabla ya kutoka. Bibo na korosho viwe vipande viwili tangu mwanzo, vimeshikwa na kipini kifupi, ili kuvitenganisha kusichubue udongo wa vidole.

Na kama mwendo unaruka mahali pamoja tu, tafuta picha iliyokosekana au iliyopigwa mara mbili. Hesabu: ukiwa na 95 badala ya 96, imejificha humo.